Namna ya Kumchosha Mkimbiaji wa Mita 100 Kabla ya Ijumaa

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Jiografia aliyekabidhiwa filimbi na kuambiwa kuwa kuanzia leo yeye ndiye mwalimu wa michezo. UMISSETA inakaribia. Shuleni yupo binti wa kidato cha tatu ambaye akikimbia mita 100 huwaacha wenzake mbali, na mkuu wa shule ameshatangaza paredini kwamba mwaka huu medali inakuja. Kilichobaki ni kumpangia binti huyo ratiba ya wiki. Ukifuata hatua zilizoelezwa hapa bila kuruka hata moja, Ijumaa atakuwa na miguu mizito, Jumamosi atashika nafasi ya nne, na walimu wote watakubaliana kwamba tatizo ni chakula cha bwaloni.

Tahadhari moja kabla hatujaanza. Katika shule ya jirani, ng'ambo ya mto, yupo mwalimu mkaidi ambaye hufanya kila kitu kinyume. Naye ana binti wa kidato cha tatu, na kwa stopwochi ya mkononi binti huyo hukimbia mita 100 kwa sekunde 13.2. Mkaidi mwenyewe husema kwa mtambo wa umeme muda huo ungekuwa kama 13.4, kwa sababu kidole cha binadamu huchelewa kubonyeza mbio zinapoanza. Mtu anayejipunguzia sifa kiasi hicho si wa kuigwa. Hata hivyo nitakuwa nikieleza anachofanya kila siku, ili ukijikuta unakifanya ujue umepotea njia.

Vifaa

Unahitaji filimbi, sauti kubwa na uwanja. Chokaa au majivu ya jikoni ni ya kuchorea mistari, na stopwochi ya kwenye simu inatosha. Daftari usinunue. Daftari litakuonyesha kwamba wiki iliyopita binti alikimbia mita 30 kwa 4.7 na wiki hii amekimbia kwa 5.0, na ukishajua jambo kama hilo huwezi tena kusema kwa moyo mweupe kwamba mazoezi yanaendelea vizuri. Mkaidi ana daftari la kurasa 96, amelifunga kwa mpira wa baiskeli, na hatoki bila hilo.

Jumatatu: anza kwa kishindo

Wiki nzuri ya kuchosha huanza alfajiri. Mchakamchaka usimpite binti, kwa sababu kumwondoa ni kumdekeza. Jioni saa kumi mzungushe uwanja mara kumi, ili mapafu yafunguke. Kisha mweke asimame ajinyooshe misuli bila kutikisika, kila mguu kwa dakika nzima, maana kunyoosha misuli muda mrefu namna hiyo hupunguza kwa muda nguvu ya kusukuma ardhi, na hicho ndicho tunachotaka. Baada ya hapo mpe zoezi lenyewe: mita 100 mara kumi, kwa nguvu zote, na mapumziko yawe muda wa kutembea kurudi mwanzo.

Uzuri wa zoezi hili uko ndani ya msuli. Sekunde chache za mwanzo za mbio kali huendeshwa na akiba ndogo ya fosfokreatini iliyomo ndani ya misuli yenyewe. Akiba hiyo huisha upesi, na kujaa kwake tena kwa sehemu kubwa huchukua dakika tatu hadi tano. Wewe umempa dakika moja na nusu. Kwa hiyo mara ya kwanza atakimbia kwa 13.2, mara ya nne kwa 14.5, na mara ya nane kwa 16. Kuanzia hapo hafanyi tena mazoezi ya kasi. Anajifunza kukimbia mita 100 kwa sekunde 16, na kwa bidii aliyonayo atalijua somo hilo barabara.

Mkaidi Jumatatu hufundisha kuongeza kasi kutoka kusimama. Kwanza humpasha binti moto kwa dakika 25: kukimbia polepole, kurusha miguu mbele na pembeni, kutembea kwa goti juu, kisha mbio tatu za mita 40, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Halafu humkimbiza mita 10 mara nne, mita 20 mara nne, na mita 30 mara tatu. Jumlisha uone mwenyewe: mita 210, basi. Kanuni yake ya mapumziko ni rahisi kukumbuka. Kila mita 10 za kasi kamili hulipiwa dakika moja ya kupumzika, kwa hiyo baada ya mita 30 binti hutembea taratibu kivulini kwa dakika tatu.

Ubaya wa kanuni hiyo ni kwamba haipendezi kutazama. Mkuu wa shule wa kule alipita jioni moja, akamkuta binti chini ya mwarobaini, viatu vimelegezwa kamba.

"Mwalimu, huyu anaumwa?"

"Haumwi, mkuu. Anasubiri dakika zake."

"Dakika za nini, na hata jasho hajatoa?"

Mkaidi akafungua daftari, akamwonyesha: mita 30 ya kwanza 4.7, ya pili 4.7, ya tatu 4.7. Mkuu akatazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Wewe usijiweke katika hali ya kuulizwa maswali. Mwanafunzi anayehema hajawahi kumletea mwalimu barua ya kujieleza.

Jumanne: siku ya kati na kati

Jumanne ndiyo nguzo ya mpango mzima. Baada ya Jumatatu ile binti amechoka, kwa hiyo huwezi kumpa kasi, na kumwacha bure pia huwezi. Mpe zoezi la katikati: mita 200 mara nane, kwa asilimia 85 ya nguvu zake. Mwendo huo ni mkali kiasi cha kumchosha, lakini si mkali kiasi cha kumfundisha mwili kasi mpya. Ukiweza kuifanya kila siku ya wiki iwe ya asilimia 85, umefuzu. Jumatatu itakuwa laini kidogo kuliko ilivyopaswa kuwa, Jumanne itakuwa ngumu kidogo kuliko ilivyopaswa kuwa, na mwisho wa mwezi siku zote zitafanana.

Aliyelipiga vita jambo hili kuliko wote ni Charlie Francis, kocha wa Kanada aliyemfundisha Ben Johnson. Francis heshima yake ilizama pamoja na Johnson katika kashfa ya dawa baada ya Olimpiki ya Seoul 1988, na kwa hilo hana wa kumtetea. Lakini mpangilio wake wa siku umebaki kwa makocha wengi wasiogusa dawa kabisa: ama ukimbie kwa asilimia 95 na kuendelea, ama ukimbie chini ya asilimia 75. Katikati hapo alipakwepa, kwa sababu ndipo mkimbiaji anapolipa uchovu wote wa siku ngumu bila kupata kasi yake.

Jirani yetu amelishika neno hilo. Jumanne hutafuta nyasi, si kipande kigumu cha udongo, na kuanza na mbinu: kutembea kwa goti juu, kuruka kwa goti juu, kukimbia kwa hatua fupi fupi huku kisigino kikipita juu ya kifundo cha mguu wa pili. Kila zoezi ni mita 20, mara tatu, na kurudi ni kwa kutembea. Anachotazama ni kitu kimoja tu, yaani mahali mguu unapotua. Ukitua mbele sana ya kiuno, unafunga breki kila hatua. Ukitua karibu chini ya kiuno, ardhi inasukumwa nyuma. Hamwambii binti mambo saba kwa pamoja. Wiki nzima humwambia hilo moja.

Kisha huja mbio nyepesi: mita 100 mara nane kwa asilimia 70. Hapa hafanyi ramli. Huchukua 13.2, akaigawa kwa 0.7, akapata sekunde 19 kasoro kidogo. Binti akimaliza kwa 17, hasifiwi, anaambiwa apunguze. Kipimo kingine ni mdomo: akifika mwisho awe anaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Mwalimu anayemkemea mwanafunzi kwa kukimbia sana ni wa kuogopwa, na ndiyo maana nakuonya.

Jumatano: mapumziko yenye manufaa

Jumatano mpumzishe. Binti akafyeke nyasi za uwanja, akachote maji ya jikoni, na jioni timu ya netiboli imepungukiwa mtu mmoja, akawasaidie kidogo. Netiboli haihesabiki kama mazoezi kwa sababu wewe siye uliyeipanga. Kuruka, kutua kwa mguu mmoja na kusimama ghafla kwa dakika 60 misuli haitavijua, maana havimo kwenye ratiba.

Jumatano inafaa sana kwa kazi hii kwa sababu nyingine pia. Maumivu ya misuli baada ya zoezi lisilozoeleka huwa hayafiki kileleni siku ileile. Hufika siku ya pili au ya tatu. Kishindo chako cha Jumatatu kinavunwa leo. Binti atashuka ngazi za bweni kinyumenyume, nawe utasema amekuwa mvivu.

Mkaidi Jumatano hafanyi kitu, na hakifanyi kwa ukali. Binti wake hakimbii, haruki, hachezi. Walimu wenzake humkumbusha kwamba mchumia juani hulia kivulini, naye hujibu kwamba hicho ndicho anachokifanya. Zoezi lenyewe halimwongezei mtu kasi siku linapofanyika. Siku hiyo humpunguzia. Kasi huja baadaye, mwili unapotengeneza kilichochoka na kukitengeneza kwa kuzidisha kidogo. Ukimrudisha juani kabla mwili haujamaliza, unakuta kazi imeishia nusu, na ukifanya hivyo wiki baada ya wiki, nusu hizo hujumlishana.

Tena amepiga hesabu ya usingizi. Prepo kule huisha, taa zikazimwa saa nne usiku, na kengele hulia saa kumi na moja alfajiri. Hizo ni saa saba, na hapo ni kwa anayelala papo hapo bila kupiga soga. Kijana wa umri wa binti huyu anahitaji saa nane hadi kumi. Basi mkaidi amemwendea mwalimu wa zamu wakaelewana mambo mawili: Jumatano baada ya chakula cha mchana binti hulala saa nzima, na Jumatatu na Alhamisi, badala ya mchakamchaka, hupewa kufagia mbele ya ofisi. Asifukuzwe kwenye utaratibu wa shule, ila asiende kumwaga alfajiri miguu anayoihitaji jioni.

Alhamisi: kasi, na namna ya kuchana misuli

Sasa binti ana uchovu wa siku tatu, na leo ndiyo siku ya kumdai kasi ya juu kabisa. Usimpime kwanza. Mpange na wavulana wa kidato cha sita, ili aone aibu ya kubaki nyuma. Usimpashe moto sana kwa sababu jua lenyewe linatosha. Kisha mwambie, "Leo nataka kuona mita 100 ya kweli."

Utakachokiona hutokea hivi. Katika kasi ya juu, mguu unaporushwa mbele, misuli ya nyuma ya paja huvutika huku ikiuzuia mguu usinyooke moja kwa moja, ili unyayo uteremke chini kwa wakati wake. Ni sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kutua, na hapo ndipo misuli hiyo hubeba mzigo mkubwa kuliko wakati wowote wa mbio. Misuli iliyochoka huchelewa kuzuia. Binti atashtuka, atashika nyuma ya paja, na ataruka ruka kwa mguu mmoja kabla ya kukaa chini. Hapo watatokea watu watatu wenye maji ya moto na mafuta ya kuchulia, tayari kulikanda paja lililochanika sasa hivi. Waache. Jeraha bichi likikandwa kwa nguvu huvuja damu zaidi ndani, na wiki mbili za kukaa nje zinaweza kuwa sita.

Ng'ambo ya mto Alhamisi huanza kwa kipimo kisicho na gharama. Kabla ya yote, baada ya kupasha moto, binti husimama kwenye mstari wa shimo la mchanga na kuruka mbele kwa miguu yote miwili, bila kukimbia. Kawaida yake ni mita 2.00. Siku akiruka 1.98 au 2.03, kazi inaendelea. Siku moja baada ya wiki ya mitihani aliruka 1.84, akarudia akapata 1.86. Mkaidi hakumwuliza kwa nini wala hakumkaripia. Aligeuza ukurasa, akaihamisha Jumanne ikaja Alhamisi: mbinu, mbio nyepesi kwenye nyasi, akalale. Mwalimu gani anaacha mchanga umwamulie?

Miguu ikiwa tayari, hufanya mita 20 za kuruka nazo, yaani binti hupewa mita 30 za kujenga kasi bila papara, halafu mita 20 zilizowekewa mstari wa chokaa mwanzo na mwisho ambazo hupitwa kwa kasi yote aliyonayo, kisha huachiwa apunguze mwenyewe taratibu. Ni mara nne, na kati yake dakika tano. Kasi kamili ya siku nzima haizidi mita 80. Zile 20 binti huzipita kwa 2.4 hivi. Mkaidi anajua kwamba kidole chake kinaweza kukosea kwa sehemu ya kumi au mbili za sekunde, na kwa umbali mfupi hivyo kosa hilo ni kubwa. Kwa hiyo saa hushikwa na mtu yuleyule, akiwa amesimama mahali palepale, na namba moja haimshtui.

Anachokiamini zaidi ni sikio. Hatua za mtu mwenye miguu safi hulia kwa ukavu na kwa haraka. Zikianza kulia bap, bap, kwa uzito, kiuno kimeshuka. Baada ya sikio hutazama shingo. Mabega yakianza kupanda kuelekea masikioni na kidevu kikitangulia mbele, mbio za leo zimekwisha, hata kama ratiba ilisema nne na zimekimbiwa mbili. Humwambia binti, "Inatosha, mwanangu, hiyo ilikuwa nzuri." Hajawahi kumsubiri akimbie vibaya ndipo amruhusu kwenda.

Ijumaa: mbinu kwa mkimbiaji aliyechoka

Ikiwa binti bado anatembea, Ijumaa mfundishe kuanza mbio. Mwanzo mzuri unahitaji mwili mwepesi na akili iliyotulia, kwa hiyo subiri mpaka vyote viwili vimekosekana. Mwanzishe mara 20, kila mara kwa filimbi, huku wenzake wakicheka. Akiinuka wima hatua ya kwanza, mwambie, "Tena!" Asipojua kosa lake ni nini, mwambie kwa sauti kubwa zaidi. Mbinu ikirudiwa mtu akiwa amechoka haipotei. Hukaa mwilini kama ilivyorudiwa, makosa yote ndani.

Shule ikikosa bloku za kuanzia, una sababu nzuri ya kutofundisha kuinama kabisa. Usimsikilize atakayekukumbusha kwamba Jesse Owens alichukua medali zake za dhahabu za mbio Berlin mwaka 1936 akichimba vishimo vya vidole kwa kijiko cha bustani. Mkaidi amelisikia hilo, na sasa binti wake ana kijiko kilichostaafu kutoka jikoni. Hupima kwa nyayo zake mwenyewe. Kutoka kwenye mstari huhesabu nyayo mbili, hapo ndipo kishimo cha mguu wa mbele. Huongeza unyayo mmoja, hapo ndipo cha mguu wa nyuma. Kwenye "tayari" kiuno hupanda juu kidogo kuliko mabega, goti la mbele likikunjwa karibu nyuzi 90, na la nyuma likiwa limefunguka zaidi, kama nyuzi 120 au 130. Macho yako chini, si kwenye utepe wa mwisho.

Halafu humwondoa hatua nne tu, kwa nusu ya nguvu, mara sita. Kosa analoliwinda ni kichwa. Kichwa kikinyanyuka mapema, kifua hufuata, na binti husimama wima kabla hajapata kasi ya kumfanya asimame. Akikiona, humwekea kokoto mita mbili mbele ya mstari na kumwambia aikazie macho mpaka aipite. Mara sita zikiisha, hupokezana kijiti na wenzake wa mita 100 mara nne kwa mwendo wa mchakamchaka, na saa kumi na moja kasorobo jioni uwanja uko mtupu.

Jumamosi: mtihani wa uvumilivu

Umewahi kuona binti yako akipitwa mita 20 za mwisho, na ukaamua hana pumzi. Dawa yake ni mita 400 mara sita. Tanzania ina historia inayokuunga mkono: Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa kuongoza tangu mwanzo, na tangu hapo walimu wengi huamini kila mkimbiaji ni Bayi ambaye bado hajakimbizwa vya kutosha. Kwamba Bayi alikuwa na dakika tatu na nusu za kazi, na binti ana sekunde 13, ni tofauti ndogo.

Mkaidi hubisha kwa kutumia Usain Bolt. Siku alipokimbia 9.58 Berlin mwaka 2009, mita 20 kati ya 60 na 80 alizipita kwa sekunde 1.61, na 20 za mwisho kwa 1.66. Yaani mtu mwenye kasi kuliko wote alikuwa anapungua akielekea kwenye utepe. Anayeonekana kama ameongeza moto mwishoni mara nyingi ni yule aliyefika kasi ya juu zaidi na kupungua kidogo kuliko wenzake. Kwa hiyo kumtibu binti anayepitwa mwishoni ni kumwongezea kasi ya juu, ambayo ilikuwa kazi ya Alhamisi, na kumfundisha asikaze mabega inapoanza kumtoka. Jumamosi yake ni mita 80 mara tatu, karibu na kasi kamili, na kati yake dakika nane. Kama kuna mashindano ya kata, mashindano ndiyo zoezi, na zile 80 hufutwa.

Jumapili

Siku ya ibada na kutembelewa. Kwa kuwa hukupanga chochote, unaweza kumwita nusu saa tu. Kule ng'ambo ya mto siku hii hakuna kilichoandikwa daftarini isipokuwa neno moja: LALA.

Wiki ya mashindano

Wiki hii ongeza kila kitu mara mbili, kwa sababu muda umekwisha. Mkaidi hukata. Ukali wa mbio huuacha ulivyo na kupunguza idadi: Jumatatu mita 20 mara nne badala ya zile mbio kumi na moja, Jumanne mbinu bila zile mita 100 nane, Jumatano mita 20 za kuruka nazo mara mbili, basi. Anajua kwamba wilayani kuna mchujo asubuhi, nusu fainali mchana na fainali jioni, na kwamba binti atakimbia mita 100 kwa kasi kamili mara tatu siku moja, jambo asilolifanya katika wiki nyingi. Akiba ya kazi hiyo haipatikani wiki ya mwisho. Huwa imeshawekwa au haipo.

Utajuaje kuwa umefanikiwa

Dalili ni hizi. Muda wa mita 30 hauboreki kwa wiki tatu ingawa binti anajituma kila siku. Anapasha moto kwa uzito na anachangamka zoezi linapoisha. Anaamka amechoka. Ana maumivu chini ya goti au nyuma ya paja ambayo "yanakuja na kuondoka". Mwanafunzi aliyekuwa akifika uwanjani wa kwanza sasa hufika wa mwisho, na ana sababu nzuri kila siku. Hapo ratiba yako imekamilika, na unaweza kuomba bajeti ya sukari guru.

Ikiwa umesoma mpaka hapa ukagundua kuwa wiki unayoitaka ni ya mkaidi, sitakuzuia, ila ipange sawasawa. Weka siku ngumu Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi, siku za mbinu na mbio nyepesi Jumanne na Ijumaa, na mapumziko ya kweli Jumatano na Jumapili. Siku tatu ngumu ndiyo mwisho wa uwezo wa mwanafunzi anayeamka alfajiri na kusoma usiku, na aliyeanza mbio mwaka huu zinamtosha mbili. Kati ya siku ngumu na nyingine ziwepo saa 48. Ratiba ya shule ikikubana hata saa hizo zikakosekana, punguza siku ngumu, saa usiziguse.